Kilowati 66 juu ya paa, 50 ukutani: je, chuo kiliibiwa?

Mnamo Februari 2024 ulizuka mzozo katika halmashauri ya chuo kimoja cha ufundi katika kaunti ya Machakos. Kiini chake kilikuwa tarakimu mbili tu. Kwenye mkataba wa umeme wa jua iliandikwa kwamba juu ya paa zingewekwa paneli 120 za wati 550 kila moja, jumla kilowati 66. Ukutani, kwenye kibandiko cha inveta, ile mashine inayougeuza mkondo mnyoofu wa paneli kuwa mkondo geu tunaoutumia, iliandikwa kilowati 50. Mhasibu wa chuo alitoa moja kwa nyingine akapata 16. Kabla ya wiki kwisha, habari zilikuwa zimeenea kwamba chuo kimeuziwa kilowati 16 za hewa. Halmashauri ikazuia sehemu ya mwisho ya malipo ya mkandarasi, na baadhi ya wanachama wakaanza kuulizia bei ya inveta kubwa zaidi, ambayo ingenunuliwa kwa karo za wanafunzi.

Mimi nilifundisha fizikia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ndiyo sababu mkuu wa chuo aliniomba nihudhurie kikao hicho. Nilipoingia, mama mmoja mwanachama, mfanyabiashara wa nafaka sokoni, hakunipa hata nafasi ya kuketi vizuri.

“Mwalimu,” akasema, “mimi nauza mahindi. Nikilipia magunia 66 na ghala langu lina nafasi ya magunia 50, hayo 16 yamelala wapi?”

Swali hilo lilikuwa la haki, na sikuona vyema kulijibu kwa haraka. Nilimwomba naye anijibu la kwangu: mahindi yakitoka shambani mabichi, yakapimwa, kisha yakakaushwa juani, uzito ule wa kwanza husalia? Akacheka, akasema kila mnunuzi aliyewahi kununua mahindi mabichi kwa bei ya makavu analijua jibu.

Basi kilowati 66 ni uzito wa mahindi mabichi. Wati 550 zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa kiwandani katika hali maalumu: mwanga wenye nguvu ya wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli yenyewe ikiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi tu. Hali hizi mbili hazikutani kwa urahisi juu ya paa. Jua likiwaka kwa nguvu hiyo hapa petu, hewa ikiwa na nyuzi 27, paneli hupata joto la nyuzi 58 hivi. Yeyote aliyewahi kugusa paa la mabati adhuhuri hatatilia shaka jambo hilo. Na kila nyuzi moja inayozidi 25 huiondolea paneli kama asilimia 0.35 ya nguvu zake. Nyuzi 33 za ziada huondoa asilimia 11 na nusu. Kilowati 66 zimekwisha kuwa 58 na ushei, na bado hatujafika popote.

Baada ya joto huja vumbi, tofauti ndogondogo baina ya paneli na paneli, na upungufu katika nyaya. Kwa chuo hiki nilivikadiria vyote kuwa asilimia 7, tukabakiwa na kilowati 54. Inveta nayo hutwaa asilimia 2 hivi kama ushuru wake wa kuugeuza mkondo. Mwisho wa safari, jua likiwa kali kabisa, mfumo ule ungeweza kutoa kilowati 53. Ghala lina nafasi ya 50. Kwa hiyo kinachokosa nafasi adhuhuri ya siku nyeupe ni kilowati 3, wala si 16.

Mwanachama mwingine, mzee aliyekuwa mhandisi wa barabara, aliuliza hizo tatu huenda wapi. Je, haziichomi mashine? Wengi huwaza kwamba umeme uliozidi ni kama maji yaliyozidi kwenye tangi, kwamba lazima yamwagike mahali fulani au tangi lipasuke. Haiwi hivyo. Nguvu ya paneli ni volteji ikizidishwa kwa mkondo, na inveta ndiyo inayochagua volteji ambayo paneli zitafanyia kazi. Siku zote huitafuta ile ambayo zao lake na mkondo ni kubwa kuliko yote. Katika chuo hiki, paneli 20 zilizofuatana katika mstari mmoja hufanya kazi karibu na volti 740 zikiwa na joto. Nguvu inapofikia kikomo, inveta huipandisha volteji kidogo kupita pale palipo bora, mkondo hupungua, na zao hubaki palepale kwenye 50. Kilowati tatu zilizokosekana hazikutengenezwa kamwe. Mwanga wake ulibaki kwenye paneli ukiwa joto, kama unavyobaki kwenye jiwe lolote lililo juani. Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa paneli moja ndogo, kipingamizi kinachobadilishwa, na mita mbili, moja ya volteji na nyingine ya mkondo.

Lakini halmashauri haikutaka fizikia, ilitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwapo. Inveta za siku hizi huchora kwenye skrini mstari wa nguvu za kila siku. Siku isiyo na mawingu, mstari huo hupanda tangu asubuhi, hufika kilele, kisha hushuka jioni kama kilima. Palipo na mkato wa namna tunayoizungumzia, kilele cha kilima hukosekana. Badala yake pana uwanda ulionyooka kama meza, na uwanda huo hukaa juu ya tarakimu ya kibandiko kwa usahihi: 50, bila kuzidi wala kupungua.

Kwa hesabu ya kawaida ya mwendo wa jua, mfumo unaoweza kutoa 53 hupita 50 kwa muda wa saa mbili na nusu tu, tangu kama saa tano na robo hadi saa nane kasoro robo. Walimu wa jiografia watatambua kwamba katikati ya muda huo si saa sita kamili, bali saa sita na nusu. Saa zetu zimefuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki mwa nchi yetu, na Machakos iko karibu na nyuzi 37, basi jua hutuchelewea nusu saa. Ziada yenyewe si 3 kwa muda wote huo. Huanza na sifuri, hufika 3, hurudi sifuri, na wastani wake ni 2. Jumla ni yuniti 5 kwa siku nyeupe kabisa, katika siku ambayo mfumo hutoa yuniti 370 hivi. Siku za mawingu mazito ya Julai hakuna linalokatwa. Hata hivyo, nisije nikadhaniwa namtetea mkandarasi, zipo siku ambazo hukatwa zaidi. Mvua ikiisha kunyesha, hewa ikawa baridi na safi, na jua likachomoza pembezoni mwa wingu jeupe linalorudisha mwanga wake, nguvu ya mwanga huweza kuzidi hizo wati 1,000 kwa dakika kadhaa, nazo paneli bado hazijapata joto. Dakika hizo mkato huwa mkubwa. Ndiyo maana katika hesabu ya mwaka mzima nilikadiria kwa ukali: yuniti 1,500.

Sasa tuulinganishe mfumo huo na ule ambao mhasibu aliuona kuwa wa haki, yaani paneli za kilowati 50 kwa inveta ya kilowati 50. Kwa jua la Machakos nilikadiria yuniti 1,500 kwa mwaka kutoka kila kilowati ya paneli. Kilowati 50 hutoa 75,000. Kilowati 66 zingetoa 99,000, na baada ya mkato husalia 97,500. Chuo kimepata yuniti 22,500 zaidi kila mwaka kwa inveta ileile, ukuta uleule na nyaya zilezile za kwenda kwenye swichi kuu. Asubuhi saa mbili, kulipo na wanafunzi wanaochomelea vyuma na pampu za visima zinazovuta maji, paneli 120 hutoa theluthi moja zaidi ya zile ambazo mhasibu angezinunua. Saa kumi jioni hali ni hiyohiyo. Inveta ambayo ingetosha kupokea ule upeo wa adhuhuri ingekaa bila kazi sehemu yake ya juu karibu siku nzima.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwamo baadhi ya wauzaji. Hasara ya yuniti 1,500 si vyema kuigawa kwa 99,000 na kusema, “Aa, ni asilimia moja na nusu tu.” Paneli 90 za kwanza hazikusababisha mkato wowote wa maana. Walioleta mkato ni zile 30 za mwisho, hivyo hasara inapaswa kuandikwa kwenye daftari lao. Hizo zilitarajiwa kutoa 24,750, zikatoa 23,250. Zimepoteza asilimia 6. Bado ni biashara nzuri, maana paneli siku hizi ni rahisi mno zikilinganishwa na zilivyokuwa mwongo wa 1990, wakati kila wati ililindwa kama dhahabu na fundi hakuthubutu kuiwekea inveta ndogo. Hata hivyo, asilimia hiyo hupanda kwa kasi kadiri unavyoongeza. Tukiongeza paneli 20 nyingine tufike kilowati 77, adhuhuri mfumo ungeweza kutoa 62, na uwanda wa meza ungeanza kabla ya saa nne na nusu na kuendelea hadi karibu saa tisa. Paneli hizo 20 zingetarajiwa kutoa 16,500 kwa mwaka, lakini kwa makadirio yangu theluthi moja hivi ingekatwa. Wa kuulizwa ni paneli ya mwisho: je, wewe unaleta kiasi gani? Jibu lake likipungua chini ya bei yake, hapo ndipo pa kukomea.

Kwa mfano wa humu nchini ambao wanafunzi wanaweza kuupigia hesabu wenyewe, kiko kituo cha Garissa kilichozinduliwa Desemba 2019. Kina paneli 206,272 za wati 265, na inveta 1,172 za kilowati 42.5. Atakayezidisha atapata megawati 54.66 upande wa paneli na 49.8 upande wa inveta. Uwiano wake ni 1.1. Wa chuo chetu ni 1.32. Hakuna aliyedai kwamba Garissa zilipotea megawati tano, na kwa joto la kule ni nadra sana paneli kufikia tarakimu ya kibandiko chake.

Nilidhani shughuli yangu imekwisha. Mkuu wa chuo alifungua tarakilishi ili atuonyeshe mstari wa siku ya Jumanne iliyotangulia, siku nyeupe isiyo na wingu, nami nikajiandaa kuinyoshea kidole meza yangu. Meza ilikuwapo, ila haikuwa yangu. Ilianza kwenye 50 kama nilivyotabiri, ikakaa hapo hadi saa sita kasoro, kisha ikaanza kudidimia. Saa saba ilikuwa imefika 41. Saa tisa ikapanda kidogo kukutana na mteremko wa jioni.

Mkato wa kawaida haudidimii. Inveta iliyotosheka hukaa kwenye kikomo chake, haishuki chini yake. Inaposhuka ilhali jua lingali kali, kuna jambo lingine. Laweza kuwa volteji ya gridi iliyopanda kupita kiasi. Laweza pia kuwa upungufu wa matumizi, kwani mfumo uliozuiwa usipeleke umeme nje ya ua hutoa kile tu kinachotumika. Chuo kikifunga kwa likizo, mstari huo hufuata taa na friji, haulifuati jua. Lakini Jumanne ile karakana zote zilikuwa kazini, na volteji ya gridi ilikuwa ya kawaida. Nikaomba tutembee hadi mashine ilipo.

Tuliikuta ndani ya stoo ya mabati, mlango umefungwa kwa kufuli kwa kuhofia wezi, na mbele ya feni zake yamerundikwa madawati mabovu. Nilituma kipimajoto cha maabara kiletwe. Hewa ya ndani ilikuwa na nyuzi 52. Kijitabu cha mashine kinasema waziwazi kwamba hewa ikizidi nyuzi 45, inveta hujipunguzia kazi ili isiungue. Ilikuwa ikijiokoa. Kwa kuutazama mstari ule tulikadiria upungufu wa wastani wa kilowati 6 kwa muda wa saa tatu, yaani yuniti 18 kwa siku. Hizo ni zaidi ya mara tatu ya zile 5 zilizotugombanisha, na wala hazikuwa katika mkataba wa mtu yeyote. Mkandarasi alikuwa na haki juu ya ukubwa wa inveta na kosa juu ya mahali alipoiweka. Chuo nacho kilikuwa na kosa la madawati.

Ikumbukwe kwamba inveta kubwa ambayo halmashauri ilitaka kuinunua ingewekwa katika stoo ileile.

Kabla hatujaondoka, fundi wa chuo, kijana mwangalifu, aliniuliza kama, kwa kuwa ziada haiidhuru mashine, angeweza kuongeza paneli mbili kwenye kila mstari, zilizokuwa zimebaki kama akiba. Nilishtuka, kwa maana hapo ndipo msomaji pia anaweza kupotoshwa na yote niliyoyasema. Inveta inaweza kuikataa nguvu iliyozidi. Volteji iliyozidi haina uwezo wa kuikataa, kwa sababu volteji huwapo hata mkondo usipopita. Kila paneli ile ina volti 50 pasipo mzigo, na 20 zikifuatana ni 1,000. Asubuhi ya baridi ya Julai, nyuzi 10, volteji hiyo hupanda hadi 1,040, kwani baridi huiongeza. Kikomo cha mashine ni 1,100. Paneli 22 zingefika 1,144 alfajiri moja, kabla hata ya mtu kunywa chai, na mashine ingeungua ndani bila ya kuwapo siku ya kuomba radhi. Dhamana ya kiwanda haigharamii kosa hilo.

Kuongeza mstari mpya sambamba na ile mingine hakupandishi volteji, ila huongeza mkondo. Mashine hii ina milango mitatu ya kupokea, kila mmoja ukiwa na mistari miwili. Paneli hizo zikipata hitilafu ya kugusana nyaya, kila mstari huweza kusukuma ampea 14, na mlango mmoja haustahimili zaidi ya 40. Miwili ni 28. Mitatu ni 42. Kwa hiyo, hata kama hesabu ya paneli ya mwisho ingekubali, mashine yenyewe imekwisha kukataa. Kijana alizirudisha paneli zake stoo.

Inveta ilihamishiwa barazani mnamo Machi, kwenye ukuta wa mawe usiopigwa na jua, ndani ya kizimba cha nyavu za chuma kinachopitisha hewa na kuwazuia wezi. Gharama waligawana chuo na mkandarasi, ambaye alilipwa kilichobakia. Wiki iliyofuata nilipigiwa simu niutazame mstari mpya. Ulikuwa umepanda vizuri, ukanyooka kwenye 50 tangu saa tano na dakika ishirini hadi saa saba na dakika arubaini, kisha ukateremka.

Yule mama wa nafaka alikuwapo siku hiyo. Aliitazama meza kwa muda, akapima urefu wake kwa vidole viwili juu ya kioo, kisha akaniuliza kuhusu upande wa pili wa paa, unaotazama magharibi, ambao hauna kitu. Alikuwa amefikiri sawasawa. Paneli za upande huo hupata jua lake kali baada ya saa nane, meza inapokwisha, basi zisingegombania nafasi adhuhuri kwa kiasi kile cha zilizo upande huu. Zitahitaji inveta yake ndogo, kwa kuwa milango mitatu imejaa. Nilimwambia aanze na bili: aangalie chuo hutumia yuniti ngapi baina ya saa nane na saa kumi na moja. Amezitaka bili za mwaka mzima kutoka kwa mhasibu.